Maji yakirudi mita inakimbia: namna ya kuipima hewa unayohesabiwa na kuipunguza

Maji yakikatika siku tatu halafu yakarudi usiku, sauti ya kwanza unayoisikia si ya maji. Ni bomba la uani linafoka: shsss, kimya, linakohoa, linatema matone mawili yenye rangi ya kutu, kisha shsss tena. Ukichukua tochi ukaenda kwenye mita wakati huohuo, utakuta kinyota chake kinazunguka kwa kasi ambayo huioni siku za kawaida, na tarakimu nyekundu zinapanda wakati ndoo haina hata kikombe cha maji.

Mimi ni fundi bomba, na kazi zangu nyingi ziko kwenye vilima vya pembezoni mwa Dar es Salaam. Malalamiko haya nilianza kuyasikia kila wiki kwenye mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua maji. Wengi walikuwa sahihi kwamba wanahesabiwa hewa. Lakini karibu wote walikuwa hawajui ni kiasi gani, na baadhi walilipa mafundi wafunge vifaa ambavyo haviwezi kusaidia kwa mahali vilipofungwa. Ndiyo maana naanza na kupima, kisha nakuja kwenye dawa.

Hewa inatoka wapi

Pampu zikizimwa, bomba la mtaani halibaki limejaa. Wa bondeni wanaendelea kukinga kile kilichomo, maji yanateremka, na nafasi yanayoiacha inajazwa na hewa. Hewa hiyo inaingilia popote penye tundu: koki iliyoachwa wazi, bomba lililopasuka, hata boya la simtanki lako. Tanki likipungua boya linashuka na kufungua njia, na njia hiyo iko juu kabisa ya nyumba, nayo inavuta hewa kama mrija.

Maji yakirudi yanaisukuma hewa hiyo mbele yao kama mti wa pampu ya baiskeli. Hewa inatafuta pa kutokea. Kwenye bomba kuu panatakiwa pawe na valvu za kutolea hewa, hasa juu ya miinuko, na zikiwa nzima hewa nyingi inaishia hapo. Zikiwa hazipo, au zimeziba kwa kutu na mchanga, hewa inapita kwenye nyumba za watu. Nyumba iliyo juu kilimani au mwisho wa laini ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, kwa sababu hewa yote ya laini ile inamalizikia kwake.

Mita, au dira kama ilivyoandikwa kwenye karatasi za mamlaka, haijui kinachoizungusha. Mita nyingi za majumbani zina propela ndogo ndani. Kinachopita kinaigonga, inazunguka, na mizunguko inahesabiwa kuwa lita. Hewa ni nyepesi kuliko maji takribani mara 800, kwa hiyo kwa msukumo uleule inapenya kwenye mita kwa kasi zaidi ya mara kumi ya maji. Propela iliyotengenezwa kuogelea inageuka kuwa feni. Zile mita za aina ya pistoni, zinazojaza na kumwaga chumba kidogo ndani yake, nazo zinahesabu hewa vilevile, kwa sababu chumba kikijaa hewa kimejaa. Mita za kisasa zinazopima kwa mawimbi ya sauti ndizo zinazotambua kwamba bomba halina maji, na nyingi hazihesabu.

Kuna kikomo ambacho lazima ukijue kabla ya kukasirika. Hewa inayosukumwa haiwezi kuzidi nafasi iliyokuwa tupu ndani ya mabomba. Bomba la nusu inchi lina chini ya robo lita kwa kila mita moja ya urefu. La robo tatu lina kama lita 0.3. La inchi mbili lina lita 2, na la inchi nne lina karibu lita 8. Sasa hesabu: kutoka kwenye mita hadi kwenye tanki lako, tuseme mita 30 za bomba la robo tatu, ni lita 9 tu. Hewa ya nyumbani kwako si kitu. Inayouma ni ya mtaani: mita 200 za bomba la inchi mbili ni lita 400, na hizo zinagawanywa kwa nyumba zilizoacha koki wazi. Ukiwa peke yako uliyeacha wazi, nyingi zitapita kwako.

Hatua ya 1: Jifunze kusoma lita, si uniti tu

Tarakimu nyeusi ni uniti, yaani mita za ujazo, na kila moja ni lita 1,000. Hizo ndizo zinazoandikwa kwenye bili. Nyekundu ni vipande vya uniti. Kwenye mita nyingi kuna pia mishale midogo yenye maandishi x0.1, x0.01, x0.001 na x0.0001. Kwenye x0.1 kila namba ni lita 100, kwenye x0.01 ni lita 10, kwenye x0.001 ni lita 1. Mshale wa x0.0001 ukimaliza duara moja, lita moja imepita. Huo wa mwisho ndio rafiki yako katika kazi hii.

Tazama pia maandishi madogo kwenye uso wa mita. Mita ya nusu inchi mara nyingi imeandikwa Q3 2.5. Maana yake imetengenezwa kupitisha mita za ujazo 2.5 kwa saa bila taabu, na kwa muda mfupi inaweza kuvumilia robo zaidi, yaani 3.125. Gawanya kwa dakika 60: ni lita 52 kwa dakika. Shika namba hiyo, tutairudia.

Hatua ya 2: Masomo matatu

Somo la kwanza linachukuliwa maji yanapokatika. Fungua koki ya chini. Ikiacha kutoa, piga picha ya mita kwa simu.

Somo la pili linachukuliwa muda mfupi kabla maji hayajarudi. Watu wengi wanaliruka hili, nalo lina maana yake. Bomba la mtaani linapokauka linavuta maji na hewa kutoka kwako, na mita nyingi zikivutwa nyuma zinazunguka kinyume na kupunguza namba. Nimewahi kukuta mita imerudi nyuma lita 20 na ushei wakati wa mkato. Kama yako inafanya hivyo, sehemu ya hewa unayohesabiwa maji yakirudi umeshafutiwa bila kujua. Kama mita ina kizuizi cha kurudi nyuma ndani yake, masomo haya mawili yatakuwa sawa.

Somo la tatu linahitaji uwe macho. Funga koki zote za ndani na ile ya kuelekea tankini. Acha wazi koki moja tu, ya chini na iliyo karibu na mita. Ikianza kufoka, washa kamera ya simu uielekeze kwenye mita, na uache irekodi huku sauti ya koki ikisikika. Koki itafoka, itatema, mwisho itatoa maji mfululizo bila kukohoa. Hapo funga na usome mita.

Toa somo la pili kwenye la tatu. Hiyo ni hewa pamoja na maji kidogo yaliyotemwa; kama umeyakinga kwenye ndoo, yapime uyatoe pia. Kinachobaki ni lita za hewa kwa mkato mmoja.

Kisha tazama video. Chukua sekunde 30 ambapo mita ilikimbia zaidi, uone imehesabu lita ngapi, zidisha mara mbili. Ukipata 70 au 90 kwa dakika wakati mita yako mwisho wake ni 52, huo ni ushahidi mzito. Koki ya uani ya nusu inchi, kwa msukumo wa kawaida wa mtaani, haitoi maji kwa kasi hiyo. Aliyepita hapo ni hewa.

Hatua ya 3: Jaribio la ndoo

Maji yakishatulia, pima kama mita inahesabu maji yenyewe sawasawa. Chukua ndoo ya lita 20, kwanza uithibitishe kwa chupa za lita moja au mzani (lita 20 za maji ni kilo 20), uweke alama ya msumari kwenye usawa wa lita 20. Funga kila kitu, soma mita, jaza ndoo mara tano, soma tena. Mita inatakiwa ionyeshe lita 100. Mita mpya inaruhusiwa kukosea asilimia 2 kwa mtiririko wa kawaida, na jicho lako kwenye alama ya ndoo nalo lina kosa lake, kwa hiyo 97 au 103 zisikusumbue. Ikionyesha 110, au 85, mita ina kasoro.

Jaribio hili linahusiana na hewa kwa njia ambayo watu hawaitegemei. Propela inapaswa kuzunguka ndani ya maji, ambayo yanailainisha na kuipoza. Ikikimbizwa kavu, ekseli yake inalika, na maji yanapofika kwa kishindo nyuma ya hewa yanaipiga kama nyundo na kuleta mchanga na kutu kwenye kichujio cha mita. Mita iliyoteswa hivyo miaka kadhaa mara nyingi huishia kuwa nzito na kuhesabu pungufu, au kukwama kabisa. Kichujio kikiziba upande mmoja, hesabu inaweza kupotoka vilevile. Kwa hiyo kukuta mita yako inahesabu maji sawa leo hakupingani na kwamba jana ilihesabu hewa. Ni mambo mawili tofauti, na yote mawili yapimwe.

Kisa cha shangazi yangu wa Goba

Shangazi anakaa juu kilimani, nyumba ya mwisho kwenye laini ya inchi mbili. Maji kwao yalikuwa yanakuja mara mbili kwa wiki, yanaanza jioni na kukatika alfajiri. Bili yake ilikuwa uniti 14 kwa mwezi, ikapanda hadi 19. Alinipigia simu: "Mwanangu, njoo uone. Mimi nalipia upepo."

Tulipima mara tatu. Mara ya kwanza mita ilisoma 1462.318 kabla maji hayajarudi, na 1462.431 koki ilipotulia: lita 113. Ilitumia dakika moja na sekunde ishirini, yaani lita 85 kwa dakika, kwenye mita ya Q3 2.5. Mara ya pili tulipata lita 96, ya tatu 121. Wastani ni lita 110. Mita yake haikuwa inarudi nyuma, kwa hiyo hapakuwa na cha kufidia.

Sasa zidisha: lita 110 kwa mikato 8 ya mwezi ni lita 880. Haifiki uniti moja. Bili ilikuwa imepanda kwa uniti 5.

Nilimwambia ukweli, na hakufurahi. Hewa ilikuwepo na tuliiona kwa macho, lakini uniti 4 zilikuwa zinakwenda kwingine. Usiku wa manane, tanki limejaa na koki zote zimefungwa, tukarudi kwenye mita na tochi. Mshale wa x0.0001 ulikuwa unamaliza duara lake kila dakika, taratibu, bila haraka. Lita moja kwa dakika. Boya la tanki lilikuwa haliketi vizuri, na maji ya ziada yalikuwa yanateremka kwenye bomba la kumwagia nyuma ya ukuta, moja kwa moja kwenye migomba, ambayo kwa kweli ilikuwa imestawi. Maji yalikuwa yanakaa kama saa 8 kila mara baada ya tanki kujaa. Saa 8 mara dakika 60 mara siku 8 ni lita 3,840. Hapo ndipo uniti 4 zilipokuwa.

Nasimulia hili kwa sababu mita inayokimbia kwa kishindo inavuta jicho, na ile inayozunguka polepole usiku kucha hakuna anayeitazama. Usipopima yote mawili utapigana na hewa mwaka mzima na bili haitashuka.

Hatua ya 4: Kupunguza hewa inayopita kwako

Dawa kubwa ni ya bure: hewa haiwezi kupita kwenye bomba lililofungwa upande wa pili. Maji yakikatika, funga koki yako iliyo baada ya mita. Usiguse ile iliyo kabla ya mita, wala mita yenyewe, wala lakiri yake. Hizo ni mali ya mamlaka, na ukizichezea utageuzwa mwizi wa maji. Koki yako ikiwa imefungwa, tanki haliwezi kuvuta hewa kupitia boya, na maji yakirudi hewa italazimika kutafuta njia nyingine.

Maji yakirudi, subiri nusu saa. Hapo valvu za mtaani na nyumba nyingine zinakuwa zimetoa sehemu kubwa. Kisha fungua koki ya chini karibu na mita, urudi kwenye koki kuu uifungue kidogo tu, kama robo ya mzunguko. Hewa iliyobaki itapita polepole, na ikipita polepole haina nguvu ya kuisukuma propela, kwa sababu ni nyepesi. Mara nyingi utaona kinyota kinatikisika tu. Maji yakianza kutoka mfululizo, fungua kiasi, halafu kote. Ya tanki iwe ya mwisho.

Kwa kazi hii geti valvu, ile ya kuzungusha mara nyingi, ni bora kuliko ile ya mkono inayofunguka yote kwa kuvuta mara moja. Ya mkono inahitaji utulivu ambao mtu aliyeamshwa saa nane usiku hana.

Kwa shangazi, mkato wa nne tulifanya hivi na mita ikahesabu lita 12.

Najua pingamizi: maji yanakuja kwa saa chache, na nikifunga nitajuaje yamekuja? Ikiwa unaishi hivyo, lala ukiwa umeiacha koki kuu wazi kidogo sana, kiasi cha uzi, na koki ya chini ikielekea kwenye ndoo au beseni la bati. Sauti itakuamsha, na hewa itakayopita itakuwa ya kubanwa. Maji yakija mara moja tu kwa wiki na kwa saa mbili, mimi mwenyewe ningeacha hewa ihesabiwe kuliko kukosa kujaza tanki.

Sasa vifaa. Valvu ya kutolea hewa iliyofungwa baada ya mita, upande wako, haikuokoi: hewa inakuwa imeshapita kwenye mita na kuhesabiwa kabla haijaifikia. Vibaya zaidi, umeifungulia hewa ya mtaa mzima njia rahisi ya kutokea kwako. Nimeng'oa kadhaa. Kifaa kinachosaidia kiasi ni valvu ya njia moja, inayozuia maji yako yasivutwe nyuma na hewa isiingie kupitia tanki. Lakini kumbuka somo la pili: kama mita yako hurudi nyuma na kukufidia, valvu hiyo itaondoa fidia hiyo, huku hewa inayokuja na maji ikiendelea kuhesabiwa kwa sababu inakwenda upande ule ule valvu inaouruhusu. Pima kwanza.

Na maji meupe kama maziwa baada ya mkato yasikuchanganye. Yakinge kwenye glasi. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu ndani ya dakika moja mbili, ni vipovu vidogo vya hewa vinavyotoka, na kiasi chake ni kidogo mno kubadili bili.

Hatua ya 5: Peleka vipimo, si hasira

Ukikuta hewa ni nyingi, kwa mfano lita 300 au zaidi kila mkato, koki yako peke yake haitoshi. Tatizo liko kwenye bomba kuu. Andika barua kwa mamlaka yako ya maji ukiweka namba ya mita, tarehe na saa za mikato mitatu, masomo ya kabla na baada, matokeo ya ndoo, na video. Omba mambo mawili waziwazi: valvu ya kutolea hewa ikaguliwe au ifungwe sehemu ya juu ya laini yenu, na masomo yako yafanyiwe marekebisho kwenye bili. Pata nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua ya nyumba tano za laini moja, zilizopima usiku uleule, ina uzito zaidi, kwa sababu inaonyesha hewa inaongezeka kadiri laini inavyopanda.

Kama ndoo imeonyesha mita yenyewe ina kasoro, omba ikapimwe. Kwa Tanzania uhakiki wa vipimo uko chini ya Wakala wa Vipimo. Na mamlaka isipojibu, ngazi inayofuata ni EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, ambayo itakuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa mtoa huduma. Ndipo ile nakala yenye muhuri inapohitajika.

Laini ya shangazi ilikuja kuwekewa valvu ya hewa kwenye nguzo ya zege juu ya kilima, hatua chache kutoka getini kwake. Maji yakirudi sasa inafoka yenyewe huko nje, na yeye anaitumia kama kengele: akiisikia imenyamaza, anaenda kufungua koki.